Vidonge saba vilivyopungua: uchambuzi wa kisa kimoja cha mafunzo ya pamoja ya uuguzi, famasia na udaktari mkoani Mtwara

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitumika katika kipindi cha mafunzo ya pamoja kwenye hospitali moja mjini Mtwara, kikiwahusisha wanafunzi wanne wa uuguzi, watatu wa famasia na wanne wa udaktari waliokuwa katika mafunzo ya vitendo wodini. Mgonjwa mwenyewe ni wa kutungwa, ingawa kila kipande cha habari zake kinafanana na mambo tunayokutana nayo wodini. Ni bibi wa miaka 71, mwenye uzito wa kilo 48, anayeishi kijijini wilayani Tandahimba na anayetibiwa kisukari cha ukubwani kwa miaka kadhaa. Ameletwa saa nne asubuhi akiwa amechanganyikiwa, anatoka jasho, na mkono wake wa kulia hauna nguvu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010, linaeleza kwamba mafunzo ya aina hii hutokea pale wanafunzi wa fani mbili au zaidi wanapojifunza kuhusu wenzao, kutoka kwao na pamoja nao. Mambo mawili ya kwanza ni rahisi kuyapanga, kwa sababu yanatosheka hata kwa mihadhara. La tatu ndilo gumu. Ukiwapa wanafunzi wote karatasi moja yenye habari zote, wa udaktari wataisoma, watatoa jibu, na wengine watakubali kwa kichwa. Kwa sababu hiyo kisa hiki kiligawanywa makusudi katika bahasha tatu, ili pasiwepo kundi linaloweza kukitatua peke yake.

Bahasha ya udaktari ilikuwa na matokeo ya uchunguzi wa mwili: shinikizo la damu 150/90, mapigo ya moyo 104 kwa dakika, joto 36.4, udhaifu wa mkono na mguu wa kulia, na kipimo cha haraka cha malaria kisichoonyesha vimelea. Wanafunzi wa famasia walipewa mfuko wa plastiki wa dawa za bibi pamoja na karatasi ya maabara ya miezi sita iliyopita. Wanafunzi wa uuguzi hawakupewa karatasi yoyote ya vipimo. Walipewa dakika kumi na tano za kuzungumza na binti wa bibi, ambaye nafasi yake ilichukuliwa na muuguzi mzoefu wa wodi ya wanawake. Kiwango cha sukari ya damu hakikuandikwa popote. Kilikuwa mfukoni mwa mwezeshaji, na kingetolewa kwa yeyote ambaye angesema kwa sauti kwamba anapima sukari.

Makundi yalipokutana, wanafunzi wa udaktari walianza, na hoja yao ilikuwa na mantiki: mtu mzima, shinikizo liko juu, upande mmoja wa mwili hauna nguvu, fahamu zimepungua, huu ni kiharusi, apigwe picha ya kichwa. Mjadala ukaendelea kuhusu picha hiyo, mahali inapopatikana na namna ya kumsafirisha. Dakika sita zilipita kabla ya mwanafunzi mmoja wa uuguzi kusema, kwa sauti ya chini, kwamba mgonjwa anayetumia dawa za kisukari na anayetoka jasho inafaa apimwe sukari. Alipoulizwa baadaye, alieleza kwamba neno hilo alikuwa ameshaliandika kwenye daftari lake tangu alipozungumza na binti, lakini alisubiri daktari aagize.

Hapo nililazimika kusimamisha mjadala kwa muda mfupi, kwa kuwa jambo hili linagusa moja kwa moja uhai wa mgonjwa. Kupima sukari kwa tone la damu la kidoleni kwa mgonjwa aliyepungua fahamu ni kazi ambayo muuguzi anaifanya bila kusubiri agizo, kama anavyopima joto na shinikizo, na jibu linapatikana katika muda usiozidi dakika moja. Sukari ikishuka sana inaweza kuleta udhaifu wa upande mmoja wa mwili unaofanana kabisa na kiharusi, na ndiyo maana hakuna kiharusi kinachothibitishwa kabla ya sukari kujulikana. Ukimya wa yule mwanafunzi haukutokana na kutojua. Alijua kuliko wote waliokuwa mezani, ila aliamini kwamba zamu yake ya kusema haijafika, na imani ya namna hiyo haiondolewi kwa kumwambia mtu ajiamini. Huondolewa kwa utaratibu. Katika vipindi vilivyofuata, mwanafunzi wa uuguzi ndiye anayefungua kikao, kwa kutaja hali ya mgonjwa ya dakika hiyo pamoja na sukari yake.

Jibu lililotoka mfukoni lilikuwa milimoli 1.8 kwa lita. Chini ya 3.9 sukari inahesabiwa kuwa imeshuka, na chini ya 3.0 ni ya kuchukuliwa hatua mara moja, kwa 1.8 ubongo unakosa chakula.

Matibabu ya dharura yalikwenda vizuri, na hapa ndipo fani tatu zilipoanza kusikilizana. Mwanafunzi wa udaktari aliagiza mililita 50 za dekstrozi ya asilimia 50 kwenye mshipa, agizo ambalo ni sahihi. Mwenzake wa uuguzi alisema kwamba kanula ya bibi iko kwenye mshipa mwembamba wa kiganja, na dekstrozi nzito kiasi hicho inachoma mshipa, na ikivuja nje inaweza kuua nyama iliyo jirani. Wa famasia wakapiga hesabu mezani: mililita 50 za asilimia 50 zina gramu 25 za sukari, na gramu hizohizo 25 zimo katika mililita 250 za asilimia 10. Kwa kuwa chupa ya asilimia 10 haikuwepo kabatini, walieleza namna ya kuitengeneza: unatoa mililita 50 kutoka chupa ya mililita 500 ya asilimia 5, kisha unaingiza mililita 50 za asilimia 50. Kinachopatikana kina gramu 47.5 katika mililita 500, yaani karibu asilimia 10. Chupa iandikwe upya papo hapo, kwa sababu lebo ya kiwandani bado inasema asilimia 5 na mtu wa zamu ya usiku ataiamini.

Sukari ilipimwa tena baada ya dakika 15, ikawa 6.1. Bibi alifumbua macho na mkono wake ukainuka. Mwezeshaji aliyeigiza sauti ya bibi alijibu "marahaba" pale mwanafunzi mmoja alipomwamkia, na chumba kizima kikapumua. Mwanafunzi wa udaktari akamgeukia binti: "Mama, bibi ameamka, sukari ilikuwa imeshuka tu. Ale vizuri, akishiba mnaweza kurudi nyumbani jioni."

Sentensi hiyo ndiyo iliyokuwa kiini cha kisa chote, na tuliisubiri. Mpaka hapo mfuko wa dawa ulikuwa bado haujafunguliwa mezani, na wanafunzi wa famasia walikuwa wamesaidia hesabu ya dekstrozi bila mtu yeyote kuwauliza bibi anatumia dawa gani. Tukatoa karatasi nyingine: ni saa mbili baadaye, bibi amekunywa uji, na sasa anasinzia tena. Sukari ni 2.4.

Hapo mfuko ulimwagwa mezani. Ndani yake mlikuwa na bahasha ndogo nne za karatasi, za aina ile ambayo dawa hutolewa nayo, kila moja ikiwa na mwandiko wa kalamu ya bluu. Ya kwanza ilikuwa glibenklamidi ya miligramu 5, "1×2", iliyotolewa siku 12 zilizopita, vidonge 60. Ya pili metfomini. Ya tatu kotrimoksazoli, iliyoanzwa siku nne zilizopita kwa maumivu wakati wa kukojoa. Ya nne diklofenaki iliyonunuliwa duka la dawa kwa ajili ya magoti, ambayo bibi alikuwa ameitumia kwa wiki tatu.

Wanafunzi wa famasia walikuwa wameandaa orodha ya miingiliano ya dawa hizo, nao waliisoma yote kwa utaratibu kama walivyofundishwa, kuanzia ile isiyo na madhara makubwa. Waliosikiliza walianza kuchoka kabla ya kufikia ile iliyokuwa ikimshusha bibi sukari. Mfamasia mwezeshaji aliwakatiza kwa swali moja: "Kati ya hizo, ni ipi inayomweka bibi hatarini usiku huu?" Wakanyamaza kidogo, kisha mmoja akaweka kidole juu ya glibenklamidi na kotrimoksazoli kwa pamoja.

Maelezo aliyotoa yanastahili kuandikwa kwa ukamilifu. Glibenklamidi inalazimisha kongosho kutoa insulini hata kama mgonjwa hajala. Inavunjwa na ini, lakini baadhi ya mabaki yake bado yana nguvu ya kushusha sukari na hutolewa na figo, kwa hiyo figo zikidhoofika mabaki hayo yanalimbikizana na dawa inaendelea kufanya kazi kwa zaidi ya saa 24. Kotrimoksazoli nayo inapunguza kasi ya ini kuivunja glibenklamidi, na kwa mgonjwa mwenye figo dhaifu inaweza kushusha sukari hata ikiwa peke yake. Diklofenaki inabana mtiririko wa damu kwenye figo na kuzidisha udhaifu ule ule. Kila dawa ilitolewa kwa sababu inayoeleweka, kila moja mahali pake na siku yake, na hakuna mtoaji aliyeziona zote nne zikiwa pamoja kama zilivyoonekana kwenye meza ile.

Wa udaktari waliomba kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, nayo ikatolewa: mikromoli 178 kwa lita leo, ilhali karatasi ya miezi sita iliyopita waliyokuwa nayo wa famasia ilionyesha 104. Kwa kanuni ya Cockcroft na Gault, hesabu ya leo ni (140 − 71) × 48 × 1.04 ÷ 178, sawa na takriban mililita 19 kwa dakika. Ya miezi sita iliyopita ni takriban 33. Mmoja wa wanafunzi wa udaktari alionya kwamba kanuni hiyo inahitaji kreatinini iliyotulia, na kwa kuwa ya bibi inapanda, hali halisi ya figo huenda ni mbaya kuliko hiyo 19. Onyo hilo lilikuwa zuri na lilitoka kwa mtu sahihi. Lakini tazama pia ile namba ya zamani: hata wakati huo figo hazikuwa nzima, na Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani inatamka kwamba glibenklamidi haifai kwa watu wenye zaidi ya miaka 60. Hatari ilikuwepo kabla ya kotrimoksazoli kuingia.

Ilibaki hesabu moja ambayo haikukaa sawa, nayo ndiyo iliyokipa kisa hiki jina. Vidonge 60 vilitolewa siku 12 zilizopita. Kidonge kimoja kutwa mara mbili ni vidonge 24, kwa hiyo vilitakiwa kubaki 36. Kwenye bahasha vilikuwemo 29. Wa famasia walikuwa wamevihesabu tangu mwanzo na kuandika "ufuasi mbaya wa dawa, vidonge saba vimepungua", wakaishia hapo, kana kwamba bibi ni msahaulifu.

Mwanafunzi wa uuguzi, safari hii bila kusubiri kuitwa, alifungua daftari lake na kusoma maneno ya binti jinsi yalivyosemwa. Ni msimu wa korosho, binti ameshinda shambani akiokota, anarudi nyumbani kila baada ya siku mbili tatu. Bibi anajipikia mwenyewe. Jana alikula ming'oko kidogo mchana na usiku akanywa chai isiyo na sukari. Wiki hii amekuwa akilalamika kizunguzungu na kutetemeka. "Akisikia hivyo," binti alisema, "anajua sukari imepanda, anaongeza kidonge."

Kwa muda hakuna aliyezungumza. Bibi alikuwa akihisi dalili za sukari kushuka, akizitafsiri kuwa sukari imepanda, na akizitibu kwa dawa ileile iliyozileta. Hesabu ya vidonge bila maneno ya binti ilionekana kuwa uzembe wa mgonjwa. Maneno ya binti bila hesabu ya vidonge yangeweza kupita kama malalamiko ya kawaida ya mzee. Na bila kreatinini, ambayo wa udaktari ndio waliiomba, vidonge saba katika siku 12 visingetosha kueleza kwa nini sukari imeshuka mara ya pili baada ya bibi kunywa uji.

Kutoka hapo mpango uliandikwa kwenye karatasi moja, na tuliweka sharti kwamba kila mstari uwe na saa na mtu. Ninalisisitiza sharti hili kwa sababu katika vipindi vya namna hii mpango huandikwa kwa vitenzi visivyo na mtendaji: sukari ifuatiliwe, maji yazingatiwe, dawa zipitiwe. Wodini, jambo lililoandikwa hivyo halifanywi na mtu.

Glibenklamidi, metfomini, kotrimoksazoli na diklofenaki zilisimamishwa zote siku hiyo, na mwanafunzi wa famasia akapewa kazi ya kuziondoa mezani mwa bibi na kumweleza binti sababu, maana kukata mstari kwenye faili hakuondoi bahasha iliyo kwenye kikapu kando ya kitanda. Kwa maumivu ya mkojo, mwanafunzi wa udaktari alipendekeza nitrofurantoini, na wa famasia akaikataa kwa kuwa figo zikiwa chini ya mililita 30 haifiki kwenye mkojo kwa kiwango cha kutosha huku sumu yake ikiongezeka. Waliafikiana kupima mkojo kwanza, jambo ambalo hakuna ushahidi kwamba lilifanyika kabla ya kotrimoksazoli kutolewa.

Sukari ilitakiwa kushikiliwa kwa dripu endelevu, kwa sababu dekstrozi ya mkupuo kwa mgonjwa mwenye glibenklamidi mwilini inachochea kongosho kutoa insulini zaidi, na baada ya saa moja au mbili sukari inashuka tena. Ipo dawa iitwayo oktreotaidi inayozuia insulini hiyo, lakini haikuwemo kabatini na mpango haukuweza kuitegemea. Walichagua dekstrozi ya asilimia 10 kwa mililita 80 kwa saa, yaani gramu 8 za sukari kila saa. Mwanafunzi wa uuguzi akauliza swali ambalo wengine hawakulifikiria: pampu haipo, sasa matone mangapi? Kwa seti yenye matone 20 kwa mililita, mililita 80 kwa saa ni matone 27 kwa dakika. Chupa ya mililita 500 inaisha kwa saa sita na robo, kwa hiyo ikianza saa nane mchana itaisha saa mbili na robo usiku, wakati ambao zamu zinabadilishana na watu wanakabidhiana wagonjwa. Wakaamua kwamba chupa ya pili itengenezwe na kuandikwa lebo kabla ya saa moja usiku, na jina la anayeitengeneza liandikwe. Karibu lita mbili za maji kwa siku si kidogo kwa mgonjwa mwenye figo zilizoshindwa, kwa hiyo mkojo upimwe kila saa nne, daktari asikilize mapafu jioni na usiku, na potasiamu ipimwe, kwa kuwa kotrimoksazoli huipandisha kwa mgonjwa kama huyu.

Sukari ipimwe kila dakika 15 mpaka ivuke 5, kisha kila saa, na dripu ipunguzwe taratibu bila kukatwa ghafla. Bibi asiruhusiwe kabla ya saa 24 kamili za sukari iliyotulia bila dripu. Mwanafunzi aliyesema "jioni" ndiye aliyeandika mstari huo, kwa hiari yake.

Mjadala mrefu zaidi ulikuwa juu ya tiba ya kisukari baada ya kutoka. Wa udaktari walitaka insulini kidogo. Wa uuguzi waliuliza nani atamchoma bibi wakati binti yuko shambani, na kama bibi anaona mistari ya bomba la sindano. Wa famasia walisema insulini yenyewe hukaa muda mrefu mwilini figo zikiwa dhaifu. Wakafikia uamuzi ambao wawezeshaji wote watatu tuliukubali: kwa sasa asipewe dawa yoyote ya kushusha sukari, apimwe zahanati baada ya siku tatu na tena baada ya wiki, na dawa ianze tu sukari ikikaa juu huku hali ya figo ikiwa inajulikana. Kwa mwanamke wa miaka 71 anayejipikia mwenyewe, sukari ya 11 kwa wiki mbili ina madhara madogo kuliko 1.8 kwa asubuhi moja.

Kazi ya mwisho ilikuwa kumweleza binti, na kila kundi lilitaka kuifanya. Tuliwaacha wachague, wakamchagua yule mwanafunzi wa uuguzi, wengine wakisimama pembeni ili kujibu kitakachowahusu. Alimwambia: "Mama, bibi akitetemeka, akitoka jasho au akipata kizunguzungu, usimpe kidonge chochote. Mpe kwanza vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, kama anaweza kumeza, halafu chakula, halafu mmpeleke akapimwe. Asipoweza kumeza, msimwekee kitu mdomoni, mleteni." Kisha akamwomba binti aeleze mwenyewe, kwa maneno yake, atafanya nini. Binti alirudia yote isipokuwa ile ya kumeza, na ikaelezwa tena.

Wawezeshaji tulitofautiana juu ya jambo moja tulipokaa baadaye. Daktari aliona karatasi ya pili ya sukari ije mapema, ili wanafunzi wapate muda zaidi wa mfuko wa dawa. Mfamasia na mimi tuliona ibaki palepale ilipo, baada ya mtu kumwambia binti kwamba wanaweza kurudi nyumbani, kwa sababu kosa hilo hutendeka wodini kwa wagonjwa wa kweli, na ni bora litendeke kwanza mahali ambapo bibi ni karatasi. Kilichobadilishwa ni bahasha ya famasia pekee: sasa inawataka waandike dawa moja wanayoiogopa zaidi kabla hawajaandika orodha yoyote.